Haki ya Asiyeweza Kuidai: Mtoto Wodini na Sungura wa Maabara

Tuchukue mfano wa mtoto wa miaka mitatu aliyelazwa kwa malaria kali. Kipimo kinaonyesha himoglobini ya gramu 3.8 kwa desilita, naye anahema kwa shida. Katika hali hiyo mtoto huongezewa damu bila kungoja. Baba anakataa: "Mtoto ni wangu, dada. Sitaki mpaka kaka yangu mkubwa afike." Katika faili kunaandikwa "mzazi amekataa", na zamu inabadilishana. Je, neno hilo la baba limeondoa haki ya nani?

Wanafalsafa wa sheria wana majibu mawili. La kwanza huitwa nadharia ya utashi, na mtetezi wake mashuhuri katika karne iliyopita alikuwa H. L. A. Hart wa Oksifodi. Kwa nadharia hii, mwenye haki ni yule aliyeshika hatamu za wajibu wa mwingine: aweza kuudai, aweza kuusamehe, aweza kushtaki ukivunjwa. Mgonjwa mtu mzima ni mfano wake safi. Daktari hana ruhusa ya kumpasua, lakini mgonjwa akiridhia, katazo hilo huondoka. Akibadili nia kabla ya kupewa dawa ya usingizi, hurudi. Fomu ya ridhaa tunayoijua sote imejengwa juu ya fikra hii.

Mtoto wetu hana hatamu hizo. Katika makala yake ya mwaka 1955 Hart hakukwepa matokeo: aliona kwamba kusema mtoto mchanga au mnyama ana haki ya kutendewa vema ni kulitumia neno vibaya. Tuna wajibu unaowahusu, lakini haki hawana.

Msomaji aweza kusema kwamba mzazi huzishika hatamu kwa niaba ya mtoto, na Hart mwenyewe baadaye alikubali njia ya mwakilishi. Lakini tuitazame kwa makini. Ikiwa haki ni ya baba, basi anaweza kuisamehe kama mtu anavyosamehe deni lake, na "mzazi amekataa" ni mwisho wa shauri. Ikiwa haki si yake, bali anaitunza tu, yapasa kuwe na kipimo cha kujua kama ameitunza vizuri au vibaya. Hakiwezi kuwa utashi wa mtoto, maana haujakomaa. Kinachobaki ni kumwuliza baba: uamuzi huu unamfaa mtoto? Hapo tumekwisha kuingia katika nadharia ya pili bila kubisha hodi.

Hiyo ni nadharia ya maslahi. Joseph Raz aliieleza hivi: mtu ana haki pale ambapo maslahi yake yanatosha kuwa sababu ya kumtwisha mwingine wajibu. Neil MacCormick wa Uskoti, katika makala ya mwaka 1976, aliwafanya watoto kuwa mtihani wa nadharia zote mbili, na akahukumu kwamba ile ya utashi imeshindwa. Kwa jibu hili, mtoto ana haki ya damu ile hata kama hajui neno haki. Baba ni mdhamini, na mdhamini hana mamlaka ya kutupa amana. Kwa hiyo yaliyoandikwa katika faili hayamalizi wajibu wa muuguzi. Yanamtaka amwite daktari kiongozi na ofisa ustawi wa jamii saa ile ile.

Nadharia hii nayo ina pengo. Kijana akimlipa jirani ampeleke mama yake kliniki, mama ndiye anayefaidika. Lakini ni nani aliyeahidiwa, na nani awezaye kumwachilia jirani? Ni kijana. Kufaidika peke yake, basi, hakutoshi kumfanya mtu awe mwenye haki, na hapa hoja ya Hart ingali na nguvu.

Sungura wa maabara huleta ugumu zaidi. Anahisi maumivu, hilo ni maslahi, na kwa mizani ya maslahi mlango umefunguka. Mtafiti anayemchoma sindano bila ganzi, penye uwezo wa kuitumia, amemkosea sungura mwenyewe, wala si mwenye banda tu. Lakini Raz hakuwakaribisha wote: kwake, ni lazima ustawi wa kiumbe uwe na thamani kwa ajili yake chenyewe, usiwe na thamani kwa sababu tu unatufaa sisi. Kama sungura anafikia hapo, nadharia haisemi. Yahitaji hoja nyingine. Mimi naona kwamba kwa maumivu anafikia. Kwa uhai wake sina hakika hiyo, na kamati inayoruhusu jaribio lenye ganzi kamili, lakini linaloishia kwa kumuua, imekwisha kujibu swali hilo, hata kama haikuliuliza.