Akaunti ya Malengo ya Mwaka Mpya: Akiba au Mlango wa Mkopo?

Kila Januari, ada na sare za shule zinapomaliza fedha za nyumbani, taasisi za huduma ndogo za fedha huko Mbeya na Iringa hutangaza akaunti za malengo. Tangazo jema humsaidia mteja kufikia lengo kwa fedha zake mwenyewe. Kabla ya kutia saini, tunamshauri msomaji apime mambo matatu.

La kwanza ni leseni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imewagawa watoa huduma katika madaraja manne. Wakopeshaji wa daraja la pili hawaruhusiwi kupokea amana za umma. Benki huruhusiwa, na SACCOS hupokea akiba za wanachama wake. Basi, mkopeshaji wa daraja la pili akikuomba uweke akiba kwake, usimpe.

La pili ni msimu. Tuchukue mkulima wa mahindi wa Iringa anayehitaji shilingi 240,000 za mbolea kabla ya mvua za Novemba. Akipangiwa kiasi kilekile kila mwezi, atakwama wakati ghala ni tupu. Ni afadhali aweke shilingi 5,000 kwa mwezi kuanzia Februari hadi Mei, kisha shilingi 55,000 kwa mwezi kuanzia Juni hadi Septemba, anapouza mavuno. Jumla yake ni shilingi 240,000 kamili.

La tatu ni masharti ya mkopo. Tuseme mama muuza viazi wa Mwanjelwa, Mbeya, ana akiba ya shilingi 100,000, na anaambiwa kuwa anastahili mkopo wa mara tatu yake. Anapewa shilingi 300,000 kwa miezi sita, kwa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi inayohesabiwa juu ya mkopo wote hadi mwisho. Riba yake ni shilingi 10,500 kwa mwezi, yaani shilingi 63,000 kwa miezi sita. Lakini akiba yake imezuiwa kuwa dhamana, hivyo fedha mpya alizonazo mkononi ni shilingi 200,000 tu. Kila mwezi atarejesha shilingi 60,500, na wiki moja ya biashara mbaya yaweza kumfanya akope kwingine ili alipe hapo.

Kwa hiyo, muulize ofisa: Je, naweza kutoa akiba yangu bila kukopa? Je, itazuiwa nikikopa? Nikikosa kuweka mwezi mmoja, nitatozwa nini? Omba majibu hayo yaandikwe katika mkataba, nawe ubaki na nakala. Iwapo jibu la kila swali linakurudisha kwenye mkopo, ujue kwamba kinachouzwa hapo ni deni, ijapokuwa bango limeandikwa akiba.