Kumtambua Mnyama kwa Picha: Mfano wa Kinyonga

(Mazungumzo na wanachama wa klabu ya malihai ya shule ya sekondari)



Picha nzuri ya kupendeza ukutani si lazima iwe picha nzuri ya utambuzi. Picha ya utambuzi ni ile inayoonyesha alama zinazotenganisha mnyama mmoja na ndugu zake. Na tuchukue mfano wa kinyonga aliyeonekana kwenye ua wa miti, katika nyanda za chini karibu na Morogoro, ambaye jina lake la kisayansi hatulijui.

Hatua ya kwanza: kupiga picha

Usimguse mnyama kabla ya kumpiga picha. Simama ukiwa umelipa jua kisogo, kisha upige picha nne: mwili mzima kwa ubavu, kichwa kwa ubavu, koo na tumbo kutoka chini, na miguu pamoja na mkia. Katika picha moja weka rula, nayo iwe umbali uleule na mnyama kutoka kwenye kamera. Rula ikisogea mbele itaonekana kubwa kuliko ilivyo, na mnyama atapimwa kuwa mdogo kuliko alivyo. Andika papo hapo tarehe, mahali, na mti aliokuwapo.

Hatua ya pili: kundi lake

Anza na kundi kubwa, ndipo ushuke hadi dogo. Mwili una magamba makavu, hivyo mnyama huyu ni mtambaazi. Vidole vya kila mguu vimeungana katika mafungu mawili, kimoja cha vidole viwili na kingine cha vitatu, mfano wa koleo; na kila jicho huzunguka peke yake. Alama hizo zatosha kumweka katika familia ya vinyonga.

Wengi hukimbilia kutaja rangi. Rangi ya kinyonga hubadilika kwa joto, mwanga na hasira. Leo ni kijani, kesho ni kahawia. Iandike daftarini, lakini usiitumie kuamulia jina.

Hatua ya tatu: jenasi

Jenasi ni kundi la spishi zilizo karibu kwa nasaba. Tazama mkia kwanza. Vinyonga wadogo wa jenasi za Rieppeleon na Rhampholeon wana mkia mfupi kuliko mwili. Katika mfano wetu, mwili una sentimita 11 na mkia sentimita 12. Basi hayumo kati yao.

Kisha tazama pua. Kinyonga wetu hana pembe. Lakini jihadharini: katika spishi kadhaa pembe ni za dume tu, kwa hiyo kukosa pembe peke yake hakuamui jambo. Hapa ndipo picha ya tumbo inapohitajika. Inaonyesha mstari wa magamba meupe yaliyochongoka, unaotoka kooni hadi tumboni. Mstari huo, pamoja na kukosa pembe na mahali alipoonekana, unatuelekeza kwenye jenasi Chamaeleo.

Hatua ya nne: spishi

Sasa turudi kwenye picha ya kichwa. Nyuma ya kichwa, kila upande, pana kikunjo cha ngozi mfano wa sikio. Ndugu zake kadhaa, kama Chamaeleo gracilis, hawana vikunjo hivyo au wanavyo vidogo sana. Huyu basi ni Chamaeleo dilepis, jina alilopewa na Leach mwaka 1819. Neno dilepis lina asili ya Kigiriki, nalo lamaanisha magamba mawili.

Kinyonga akitulia, vikunjo hulala shingoni, na picha iliyopigwa kutoka juu huweza kuvificha kabisa. Ikiwa picha hiyo ndiyo pekee uliyo nayo, andika Chamaeleo sp., yaani spishi haijajulikana, ukaishie hapo. Jina pungufu lililo sahihi lina manufaa kuliko jina kamili la kubahatisha, kwa kuwa atakayelisoma daftari lako baadaye hataweza kujua kwamba ulibahatisha.

Mpaka wa picha

Mwaka 2005 wanasayansi walimtangaza kipunji, nyani wa misitu ya nyanda za juu kusini mwa Tanzania, wakitegemea picha. Walimweka katika jenasi Lophocebus. Baadaye kipunji mmoja alikufa katika mtego shambani. Chembe zake za urithi zilipochunguzwa, ilionekana kwamba yu karibu zaidi na nyani wa nchi kavu, na mwaka 2006 akapewa jenasi mpya, Rungwecebus. Picha zilitosha kuonyesha kwamba ni spishi mpya. Hazikutosha kuonyesha nasaba yake.

Kwa hiyo, mbele ya kila jina andikeni alama iliyowafikisha hapo na namba ya picha inayoionyesha. Alama isiyoonekana katika picha yoyote isihesabiwe.