Bei Kivuli na Mipaka Yake: Mkulima wa Pangani na Mfuko wa Saba wa Mbolea

Makala haya yanachunguza dhana ya bei kivuli katika programu ya mstari, nadharia iliyoasisiwa na Kantorovich mwaka 1939 na kupewa mbinu ya ukokotozi na Dantzig mwaka 1947. Bei kivuli ya rasilimali ni ongezeko la pato bora linaloletwa na kipimo kimoja zaidi cha rasilimali hiyo, mengine yote yakibaki yalivyo. Huitwa kivuli kwa sababu haitamkwi na muuzaji yeyote; hutokana na uhaba uliomo shambani mwenyewe.

Na achukuliwe mkulima wa kubuni wa Pangani, Kibaha, mwenye ekari 4, mifuko 6 ya mbolea na siku 140 za kazi. Ekari ya mahindi huhitaji mfuko 1 na siku 20, nayo huleta shilingi 200,000. Ekari ya nyanya huhitaji mifuko 3 na siku 50, nayo huleta shilingi 440,000. Gharama ya mbolea haijatolewa katika mapato hayo. Mpango bora ni ekari 3 za mahindi na 1 ya nyanya, wenye pato la shilingi 1,040,000. Ardhi na mbolea huisha, ilhali siku 30 za kazi husalia.

Mfuko wa saba huhamisha nusu ekari kutoka mahindi kwenda nyanya. Hivyo bei kivuli ni (440,000 − 200,000) ÷ 2, yaani shilingi 120,000. Iwapo mfuko huuzwa shilingi 80,000, kununua kuna faida ya shilingi 40,000.

Faida hiyo ina mpaka. Kila mfuko wa ziada hula siku 15 za kazi, kwa hiyo siku 30 zilizosalia zatosha mifuko 2 tu. Kwa upande wa chini, mbolea ikifika mifuko 4, nyanya hutoweka. Bei kivuli ya 120,000 ni halali, basi, kati ya mifuko 4 na 8. Zaidi ya 8 huwa sifuri, kwani kazi ndiyo inayobana. Anayenunua mifuko 4 kwa shilingi 320,000 akitarajia 480,000 ataongeza pato kwa 240,000 tu, na kupoteza 80,000.

Kosa la pili hutokea katika usomaji. Endapo gharama ya mbolea ingalikwisha kutolewa, mahindi yangaliingizwa kwa 120,000 na nyanya kwa 200,000, na bei kivuli ingalikuwa 40,000. Mkulima anayeilinganisha namba hiyo na bei ya duka, 80,000, angekataa mbolea yenye faida. Hapo 40,000 ni ziada juu ya bei ya duka, wala si thamani yote ya mfuko.

Aidha, mipaka hiyo hudumu rasilimali moja tu inapobadilishwa. Akiajiri vibarua wakati huohuo, ukokotozi hauna budi kurudiwa.