SOMO: NANI ALIPWE KWANZA?

Katika somo hili tunataka kusaidiana juu ya jambo linalowanyima usingizi wengi wetu: madeni ni mengi na biashara imeanguka.

Sisi tunaoishi kwa samaki wa Rumonge tunajua kwamba mbalamwezi ikiwa kubwa, wavuvi wa taa hupata ndagala kidogo. Hilo ni la siku chache tu. Lakini kuna anguko linalodumu. Mwaka 2024 maji ya ziwa yalipanda yakaingia nyumba za ufuoni. Mwaka huohuo Tanzania ilifunga uvuvi upande wake, tangu 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaane. Mauzo yakipungua hivyo kwa miezi, ahadi za zamani haziwezi kutimizwa. Inabidi kuzipanga upya.

Tuchukue mfano wa mama muuza ndagala kavu. Ana madeni matano: kodi ya kibanda faranga 30,000 (miezi miwili), mkopeshaji wa riba 100,000, anayeshika baiskeli yake kama rehani, kikundi cha kuweka na kukopa 150,000, mwenye mtumbwi aliyempa samaki kwa mkopo 200,000, na shemeji yake 60,000. Jumla ni 540,000.

Kwanza, ahesabu kinachobaki kila mwezi baada ya chakula cha watoto, kodi ya mwezi huo, na pesa ya kununua samaki wengine. Akila mtaji ili kulipa deni, mwezi ujao hatakuwa na cha kuuza. Tuseme kinabaki 70,000.

Pili, apange madeni. Asimlipe kwanza anayepiga kelele zaidi. Ajiulize: nisipolipa, nitapoteza nini? Bila kibanda hauzi, kwa hiyo kodi inatangulia. Anafuata mkopeshaji, kwa sababu riba yake ni 20,000 kwa mwezi. Mama akimpa 20,000 tu, amelipa riba, na zile 100,000 ziko palepale. Kisha kikundi, kwa kuwa pesa ile ni ya majirani, na kuna faini ya kuchelewa. Mwenye mtumbwi hatozi riba, lakini asipopata chochote atakataa kutoa samaki. Shemeji ndiye wa mwisho, ila aambiwe mapema, asisikie sokoni.

Tatu, aende kwa kila mmoja kabla ya siku ya kulipa, akiwa na daftari lake la mauzo. Aseme hivi: “Baba, zamani nilikuwa nikiuza magunia matatu, sasa ni moja. Sikimbii deni. Naweza kukupa kiasi hiki kila mwezi.” Kwa mkopeshaji aombe riba isimame. Kwa kikundi aseme mbele ya mkutano, si kwa mweka hazina pembeni.

Wakikubali, mpango ni huu. Miezi miwili ya kwanza: kodi 15,000, mkopeshaji 25,000, kikundi 15,000, mtumbwi 15,000. Mwezi wa tatu na wa nne kodi ya nyuma imekwisha, kwa hiyo kikundi kinapata 30,000. Baada ya mwezi wa nne mkopeshaji amemalizwa na baiskeli imerudi. Mwezi wa tano na wa sita: kikundi 30,000, mtumbwi 40,000. Kikundi kimekwisha. Mwezi wa saba mwenye mtumbwi anamaliziwa 60,000 na shemeji anapata 10,000. Mwezi wa nane shemeji anapewa 50,000 zilizobaki.

Je, mkopeshaji akikataa kusimamisha riba? Basi awaombe kikundi na mwenye mtumbwi wasubiri miezi miwili, ampe mkopeshaji 55,000 kila mwezi. Mwezi wa kwanza 120,000 zinashuka kuwa 65,000. Wa pili, pamoja na riba, zinabaki 23,000. Mwezi wa tatu anamaliza kwa 27,600.

Makubaliano yaandikwe, shahidi awepo, na kila malipo yatiwe sahihi. Asiahidi kikubwa ili kumfurahisha mtu. Ahadi ya 40,000 ikivunjwa mwezi wa pili, hata ile ya 25,000 haitaaminiwa tena. Akiona amekosa malipo mawili mfululizo, au ameanza kukopa huku ili alipe kule, ajue mpango haumfai. Arudi kwao wote wapange tena.

Maswali ya kujadiliana nyumbani:
1. Madeni yetu ni mangapi, na lipi linaongezeka kila mwezi?
2. Baada ya chakula na mtaji, kinabaki kiasi gani kweli?
3. Ni nani tunamkwepa njiani, na tutamwendea lini?