Kabla hujaongeza akiba kwenye pampu

Mdogo wangu, umeniandikia kwamba bosi amekurudishia dokezo la pampu: "Ongeza akiba, tusije tukaaibika." Usiongeze kwanza. Rudi kwenye grafu.

Mradi wako unataka mita za ujazo 20 kwa saa. Kutoka usawa wa maji kisimani pampu ikiwa inafanya kazi, si usawa wa asubuhi kabla ya kuwasha, hadi mdomo wa bomba tangini ni mita 60. Bomba la kupandishia lina urefu wa mita 2,000 na kipenyo cha ndani milimita 100, hivyo msuguano unakula kama mita 12 hivi. Jumla 72. Kwa mtiririko wa 10 utapata 63, kwa 30 utapata 85. Unganisha nukta hizo: huo ndio mstari wa mfumo. Mstari wa pampu kwenye katalogi unashuka, na pale inapokutana ndiyo nukta ya kazi. Maji utakayopata ni ya nukta hiyo, hata kama dokezo limeandika mengine.

Sasa tazama akiba inavyofanya. Wewe unaongeza kidogo, bosi naye, muuzaji naye, mwisho inaletwa pampu ya 20 kwa mita 90. Mstari wake unapita mita 82 kwenye 25, na 72 kwenye 30. Utakutana na wa mfumo karibu na 26, kwa mita 80. Lakini kisima chako kimepimwa kutoa 22! Maji yatashuka hadi pampu ivute hewa. Ukibana valvu urudi kwenye 20, mita 18 kati ya 90 zinapotelea kwenye valvu, na umeme wake unalipiwa kila mwezi.

Akiba iweke kwenye hali, tena mara moja tu. Chora mstari wa pili wa mfumo: bomba limezeeka, msuguano umefika 18, na kiangazi kimeshusha maji mita 4. Pampu ya 20 kwa mita 74 itatoa kama 20.5 bomba likiwa jipya, na kama 18 kwenye hali ngumu. Maji ya saa 10 yatachukua saa 11 na kidogo. Hilo wanakijiji wanalimudu. Hakikisha nukta zote mbili ziko kati ya asilimia 70 na 120 ya mtiririko wenye ufanisi wa juu kwa pampu hiyo. Akiba ya mota iandikwe peke yake, isichanganywe na kimo.

Siku ya majaribio soma mita ya maji na geji kwa wakati mmoja. Kwa geji iliyo mdomoni mwa kisima, ongeza kina cha kutoka hapo hadi kwenye maji. Nukta ikikaa kwenye mstari wa pampu lakini juu ya ule wa mfumo, tafuta valvu iliyofungwa nusu au hewa iliyonasa bombani. Ikianguka chini ya mstari wa pampu, kagua kwanza kama mota haizunguki kinyume.