Kisa Kimoja Kifupi Ndani ya Barua ya Malalamiko

Ankara ya maji inapokuja na kosa lililokwisha kurekebishwa miezi michache iliyopita, mtumiaji hushawishika kueleza usumbufu wote alioupata tangu aunganishiwe huduma. Barua ya namna hiyo huwa ndefu, na afisa anayeisoma hushindwa kujua atakiwalo kufanya. Tunashauri mwandishi achague kisa kimoja tu: jinsi tatizo kama hilo lilivyotatuliwa mara ya kwanza. Akieleze kwa mambo matatu: hali ilivyokuwa, hatua aliyoichukua na matokeo yaliyopatikana.

Tuchukue mfano wa mama mmoja anayeishi na watu wanne. Mwezi Machi alitozwa uniti 113. Uniti moja ni lita 1,000; kwa hiyo ankara ilidai kwamba nyumba yake ilitumia karibu mapipa 19 ya lita 200 kila siku. Kosa hilo lilirekebishwa, lakini ankara ya Julai ikaja na kosa la aina ile ile. Aliandika hivi:

„Mwezi Machi nilipokea ankara ya uniti 113, ilhali kwa kawaida hutumia uniti 12 hadi 15. Ankara ilionyesha usomaji wa 1,397. Nilikwenda kwenye dira nikakuta 1,298. Nikaipiga picha, na siku iliyofuata nikaipeleka ofisini kwenu pamoja na ankara. Msoma dira alifika tarehe 21 Machi akaandika 1,299. Ankara ile ilifutwa, nikapewa nyingine ya uniti 15, nikailipa.

Ankara ya Julai inaonyesha usomaji wa 1,447. Leo, tarehe 4 Agosti, dira inasoma 1,350. Naomba msoma dira afike kuhakiki, na ankara irekebishwe kama ilivyofanyika Machi.”

Tuangalie kinachoipa barua hii nguvu. Hali imeelezwa kwa tarakimu mbili zinazopingana: iliyoandikwa kwenye ankara na iliyoonekana kwenye dira. Dira ya maji husonga mbele tu maji yanapopita. Haiwezekani Agosti isome pungufu ya ilivyosomwa Julai. Laiti mama huyu angeandika „ankara ilikuwa kubwa mno”, afisa angeweza kujibu kwamba labda alitumia maji mengi.

Hatua imeelezwa kwa nafsi ya kwanza na kwa mpangilio wa matukio: nilikwenda, nikapiga picha, nikapeleka. Matokeo nayo yametajwa kwa tarehe na kwa idadi ya uniti, ili afisa aweze kuyatafuta katika kumbukumbu za ofisi. Sehemu hii ndiyo inayosahaulika mara nyingi. Bila matokeo, kisa hubaki kuwa lalamiko la zamani. Yakiwapo, kinaonyesha kwamba ofisi yenyewe ilikwisha kukubali kosa na inajua njia ya kulirekebisha.

Hata hivyo, kisa cha Machi hakithibitishi kosa la Julai. Ndiyo maana barua ina usomaji mpya wa tarehe 4 Agosti. Picha ya dira ionyeshe namba ya dira pamoja na tarakimu za usomaji. Katika dira nyingi, tarakimu nyeusi ndizo uniti kamili, na nyekundu ni sehemu ya uniti. Mtu akizisoma zote pamoja atapata hesabu isiyo sahihi, na barua yake itakataliwa.

Vilevile kisa hiki kisitumike pale chanzo kilipo tofauti. Iwapo dira inasoma sawa na ankara au zaidi kidogo, huenda msoma dira hakukosea. Funga bomba zote za nyumba, hakikisha tangi halijazwi, kisha itazame dira kwa muda. Ikiendelea kuzunguka, kuna maji yanayovuja baada ya dira, na fundi anahitajika kabla ya barua.

Barua iandikwe kwa nakala mbili, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Kwa Tanzania Bara, lalamiko la maji huanza kwa mtoa huduma mwenyewe. Lisipopata ufumbuzi, hupelekwa kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA). Hapo nakala yenye muhuri itaonyesha kwamba ulianza kwa mtoa huduma, na kisa kile kile kitamweleza msomaji mpya jambo lote kwa sentensi chache.