Kiwi Ije Mwisho: Viatu na Mikoba Iliyoota Ukungu Arusha

Masika huisha Mei, lakini vyumba vya Arusha havikauki Mei. Juni na Julai Mlima Meru hujifunika mawingu hadi mchana, manyunyu hushuka bila mpango, na nyumba za Ilboru, Sekei, Sakina na kupanda Ngaramtoni hupitisha siku kadhaa bila jua la maana. Madirisha yanafungwa kwa sababu ya baridi, nguo zinaanikwa ndani, sufuria inachemka mlango ukiwa umerudishwa. Kisha inakuja harusi. Mtu anavuta viatu vyake vya ngozi kutoka chini ya kitanda, anakuta vimeota ukungu, na mkoba uliokuwa kabatini unatoa uvundo kama gunia la mahindi yaliyoloana.

Wengi hufanya jambo moja: kitambaa kibichi, kiwi juu, safari. Kiatu kinang'aa siku hiyo, na baada ya wiki mbili ukungu umerudi palepale, mara nyingi umeongezeka. Sababu ni kwamba kitambaa kimeusambaza, maji yameongeza unyevu, na nta ya kiwi imefunika vyote viwili. Kiwi ina nafasi yake, ila nafasi hiyo ni ya mwisho kabisa.

Kabla hujashika brashi, hakikisha kwamba unachokiona ni ukungu, kwa maana si kila weupe juu ya ngozi ni ukungu. Ukungu huwa kama sufi laini au madoa ya mviringo, meupe, ya kijani au meusi, na hunuka. Weupe mwingine ni mafuta ya ngozi yenyewe yaliyopanda juu kwa sababu ya baridi: huo hauna harufu, na ukiupulizia draya ya nywele kwa joto dogo huyeyuka na kupotea. Wa tatu ni chumvi, hasa ya jasho, inayochora mstari kwenye kiatu kilicholoana. Chumvi hupotea ukiipangusa kwa kitambaa chenye maji, kisha hujichora tena kiatu kikikauka. Mafuta na chumvi havihitaji dawa ya ukungu.

Angalia pia kama ni ngozi kweli. Tafuta ukingo uliokatwa, kwa mfano mwisho wa mkanda wa mkoba. Ngozi huonyesha nyuzinyuzi zilizoshikana, ilhali leksini huonyesha kitambaa chini na utando mwembamba juu. Mkoba wa leksini unaobanduka magamba baada ya kukaa kwenye unyevu hauna ugonjwa wa ukungu. Utando wake umeoza kwa unyevu na miaka, na hakuna fundi atakayeurudisha. Mikoba mingi ya mtumba inayovunja watu moyo ni ya aina hii.

Sasa tuchukue vitu viwili: kiatu cheusi cha kamba cha mwanaume, na mkoba wa ngozi wa rangi ya kahawia isiyokolea. Vyote vilihifadhiwa Desemba baada ya sherehe na kutolewa Julai.

Vitoe nje, barazani au chini ya mti, visisafishwe chumbani. Ukungu unaopeperuka humwingia mtu kifuani na kutua kwenye nguo, kwa hiyo vaa barakoa, na mwenye pumu amwachie mwingine kazi hii. Toa kamba za kiatu, toa soli ya ndani kama inatoka, vuta ulimi mbele. Mkoba ufungue zipu zote, mimina kila kilichomo, pindua bitana itokee nje. Kisha viache vikauke kivulini penye upepo kwa siku moja au mbili kabla ya kuvigusa. Hatua hii ndiyo inayorukwa. Ukungu mbichi ukiusugua hujipaka na kuzama kwenye vinyweleo vya ngozi. Ukikauka huwa unga, na unga hutoka kwa brashi.

Usivianike kwenye jua kali kutwa nzima, wala usivisogeze karibu na jiko la mkaa ili viwahi. Ngozi yenye maji ikipata joto kali hujikunja na kukakamaa, na haivutiki kurudi ilivyokuwa. Jaza magazeti yaliyokunjwa ndani ya kiatu na uyabadilishe yakishalowa.

Vikishakauka, piga brashi laini ukielekeza unga mbali nawe. Pita kwenye mishono, chini ya ulimi na pale soli inapokutana na ngozi, kwani hapo ndipo ukungu hujificha. Brashi hiyo ioshwe na kukaushwa kabla ya kurudi kwenye kiwi, la sivyo utaupanda ukungu upya kila Jumapili.

Hatua inayofuata ni spiriti ya duka la dawa. Soma chupa: ikiwa imeandikwa asilimia 70, inatumika ilivyo. Ikiwa ni kali zaidi, ya asilimia 95 hivi, changanya vijiko vitatu vyake na kijiko kimoja cha maji. Zima jiko na sigara zote, maana mvuke wake hushika moto. Lowesha kitambaa cheupe cha pamba, kikamue kisidondoke, na ujaribu kwanza mahali pasipoonekana, kama ndani ya ulimi wa kiatu au chini ya mkoba. Ngoja pakauke. Kitambaa kikitoka na rangi nyingi, acha spiriti kali na utumie iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji, au siki nyeupe nusu kwa nusu na maji. Zote mbili ni dhaifu zaidi, ila ni salama zaidi kwa rangi. Kiatu cheusi kwa kawaida huvumilia. Mkoba wa kahawia ndio wa kuogopwa, kwa sababu spiriti huweza kuacha duara jepesi katikati ya ngozi. Kwa huo pangusa upande mzima kuanzia mshono hadi mshono, usisugue doa peke yake. Geuza kitambaa mara kwa mara upate sehemu safi.

Ngozi ya manyoya, ile inayoitwa swedi, ina utaratibu wake. Brashi kavu kwa wingi, spiriti kidogo sana, na kiwi ya nta isiiguse kabisa.

Kuna vitu vya nyumbani ambavyo watu huvikimbilia na ambavyo ningevifungia kabatini. Jiki hula ngozi yenyewe na kuifanya ipauke. Sabuni ya unga huondoa mafuta ya ngozi, nayo ikikauka hupasuka. Magadi, ambayo mkoa wetu unayo tele huko Ziwa Natron, ni makali kwa ngozi kuliko sabuni. Mafuta ya kupikia nayo hulainisha siku ya kwanza, kisha huchacha na kuwa chakula kipya cha ukungu.

Baada ya spiriti, madoa ya juu yatakuwa yametoka. Harufu huenda ikabaki, na hapa ndipo watu hukata tamaa wakidhani dawa imeshindwa. Harufu haiko juu ya ngozi. Ngozi iliyosindikwa kiwandani hujikinga kiasi. Ukungu unachokula hasa ni jasho, vumbi na mafuta, na hivyo vimejaa kwenye soli ya ndani na bitana, mahali mguu na mikono vinapogusa. Kwa hiyo pangusa ndani kwa spiriti ileile, hadi ncha ya kiatu na pembe za mkoba. Soli ya ndani iliyonuka itupe na ununue nyingine. Kuisafisha ni kazi kubwa kwa faida ndogo. Kisha chukua soda ya kuokea, vijiko vinne hivi, uifunge ndani ya soksi safi, uiweke ndani ya kila kiatu kwa siku mbili. Usichukue bekingi pauda, ambayo huwa imechanganywa na wanga. Mkoba nao upate soksi yake, ukae wazi barazani mchana na kuingizwa ndani jioni.

Harufu ikibaki na umeshafanya yote hayo, bonyeza chini ya mkoba. Mingi ina kadibodi kati ya ngozi na bitana ili usimame vizuri. Kadibodi ikishaota ukungu hakuna kinachoifikia kutoka nje. Fundi hufumua mshono mmoja, hutoa kadibodi, huweka kipande cha plastiki na kushona. Ni kazi ndogo kwa fundi mwenye cherehani ya ngozi.

Na yale madoa meusi kama vichwa vya pini kwenye mkoba wa kahawia? Kama hayakutoka kwa spiriti, rangi ya ukungu imeshaingia kwenye nyuzi za ngozi. Ukungu umekufa, alama imebaki. Kusugua zaidi au kupaka limau kutakuondolea rangi ya mkoba kabla ya doa. Kinachowezekana ni kupaka mkoba wote rangi iliyokolea.

Viache vikauke tena siku nzima, halafu ndipo kiwi ipakwe, nyembamba, na kung'arishwa hadi kitambaa kisinate. Safu nene ya nta ni karamu nyingine ya ukungu.

Ukivirudisha mahali palepale, utarudia kazi hii mwakani, kwa sababu spiriti haiachi kinga yoyote nyuma yake. Mbegu za ukungu ziko hewani kila mahali, na kinachozizuia ni ukavu. Hewa ikikaa juu ya asilimia 70 ya unyevu kwa wiki kadhaa, ngozi huanza kuota. Ikipita 80 au 90, siku chache zinatosha. Weka kiganja kwenye kuta zako asubuhi. Ukuta wa nje usiopigwa na jua utakuwa wa baridi kuliko mingine, na hewa inayougusa hupoa na kuwa na unyevu zaidi kuliko hewa ya katikati ya chumba. Kabati lililosukumwa hadi likaugusa ukuta huo huotesha ukungu mgongoni kwanza. Lihamishie ukuta wa ndani, au angalau liachie nafasi ya kiganja, na uliinue juu ya matofali kama sakafu hutoa unyevu.

Fungua dirisha na milango ya kabati kati ya saa 5 asubuhi na saa 10 alasiri, mawingu yanapoachia. Alfajiri yenye manyunyu haikaushi chumba ambacho nacho ni baridi. Nguo zilizofuliwa zisilale chumba kimoja na viatu. Kopo la mkaa hupunguza harufu ndani ya kabati dogo, lakini halikaushi chumba. Vile vikopo vya dukani vya kunyonya unyevu hufanya kazi, ila hujaa maji yenye chumvi, na yakimwagikia ngozi huacha doa baya. Viweke sakafuni mwa kabati, mbali na viatu.

Mkoba ufunike kwa kitambaa cha pamba, foronya kuukuu inatosha. Mfuko wa nailoni hufungia unyevu ndani pamoja na mkoba. Baada ya wiki mbili utoe, ufungue zipu na unuse pembeni kabisa, chini ya bitana.